Inhela ya kahawia na kimo cha mtoto

Inhela ya bluu, ile ya salbutamoli, haina ubishi nyumbani: mtoto anavuta, kifua kinafunguka. Inayosahaulika kabatini ni ya beklometasoni, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Hii ni steroidi. Hutuliza uvimbe wa njia za hewa taratibu, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mzazi haoni inachofanya. Tena ameshasikia kwamba steroidi hudumaza watoto.

Tumchukue mtoto wa miaka 8 anayeamshwa usiku na pumu. Ameandikiwa dawa ya maikrogramu 50 kwa kila pafu, mapafu mawili asubuhi na mawili jioni, jumla 200 kwa siku. Kwa umri wa miaka 6 hadi 11, hicho bado ni kiwango cha chini. Miezi mitatu imepita na usingizi bado haupo. Dozi iongezwe?

Kabla ya hapo, kopo lihesabiwe. Lenye mapafu 200, kwa manne kila siku, huisha siku ya 50. Likiwa bado linatumika mwezi wa tatu, mtoto hakupata dozi ya kwanza, sembuse ya pili. Kisha avute mbele ya mhudumu: kopo litikiswe, pafu moja liingie kwenye spesa, apumue mara tano au sita, ndipo pafu la pili lifuate. Akimaliza asukutue na kutema, asipate fangasi mdomoni. Bila spesa, dawa nyingi huishia kooni.

Vyote hivyo vikiwa sawa, daktari anaweza kupandisha hadi 400, au kuongeza dawa nyingine ya kufungua kifua kwa muda mrefu. Pumu ikitulia miezi mitatu, dozi hushushwa kwa robo au nusu, na mtoto hutazamwa tena. Si vizuri kushusha akiwa na mafua au akiwa karibu kusafiri. Aliyekuwa kwenye dozi kubwa asikatishwe ghafla kamwe, kwani mwili wake huenda umepunguza kutengeneza steroidi yake wenyewe.

Na kimo? Hofu ya wazazi ina msingi, ila imekuzwa. Katika utafiti wa Marekani uitwao CAMP, watoto waliovuta budesonidi maikrogramu 400 kwa siku kwa miaka minne hadi sita walikuja kuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 ukubwani. Upungufu huo ulitokea zaidi miaka ya mwanzo, wala haukuzidi kila mwaka. Pumu iliyoachwa bila kudhibitiwa nayo hupunguza ukuaji, na vidonge vya steroidi vya mara kwa mara vina uzito kuliko inhela.

Kwa hiyo mtoto apimwe urefu walau mara moja kwa mwaka, bila viatu, na namba iandikwe kwenye chati. Kabla ya kubalehe, wengi huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya 4, daktari aangalie dozi, lishe na maradhi mengine, wala mzazi asiitupe inhela kwa uamuzi wake.