Shukrani za dakika moja

Tuzo za Webby, zinazotolewa kwa kazi za mtandaoni, humruhusu mshindi kusema maneno matano tu. Kwenye Oscar anapewa sekunde 45, kisha muziki unaanza kumfukuza jukwaani. Tuzo za mtaani kwetu hazina ukali huo. Ndiyo maana mshindi asiyeweza kufika ukumbini, akiombwa atume video fupi, mara nyingi hutuma dakika sita, na dakika mbili za mwanzo zinaishia kwa waheshimiwa.

Tuanzie hapo. Anayerekodi hajui nani atakuwa ukumbini siku yenyewe. Mgeni rasmi anaweza kutuma mwakilishi, na jina lililotajwa likawa la mtu ambaye hayupo. Maneno mawili, “itifaki imezingatiwa”, yanamaliza kazi. Baada ya hapo ni salamu, kisha jambo lenyewe. Kwa msomaji mtulivu, maneno mia moja hivi hujaza dakika moja, kwa hiyo hotuba inayotosha haizidi nusu ukurasa.

Tuseme mshindi ni mama anayeongoza kikundi cha kupanda mikoko pwani. Hotuba yake inaweza kuwa hivi:

“Itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Tuzo imekuja kwa jina langu, lakini miche yetu ya kwanza ilisombwa na mawimbi ya kusi, na mimi nilishakata tamaa. Aliyerudi ufukweni kesho yake na gunia la mbegu ni wifi yangu. Nahodha wetu alitupa mtumbwi kila tulipouhitaji, na siku hizo yeye hakwenda kuvua. Kina mama wenzangu, matope mnayajua. Wanangu, ahsanteni kwa kupika nilipochelewa. Naipokea kwa niaba yenu nyote.”

Angalia alivyomshukuru nahodha. Angeweza kusema “kwa mchango wake mkubwa”, na hakuna ambaye angekumbuka. Badala yake ametaja kilichotoka mfukoni mwa mtu: siku ambazo hakuvua. Wifi naye ametajwa kwa gunia na kwa asubuhi yake. Kina mama hawakusomewa orodha, kwa sababu kwenye orodha anayesahaulika ndiye atakayekumbukwa zaidi, na ugomvi wake hauishi upesi. Wanaotajwa peke yao wawe wawili au watatu, kila mmoja na kitendo chake, na wengine washukuriwe kwa pamoja.

Kabla ya kurekodi, wote watakaotajwa waulizwe. Kuna aliyechangia fedha kimya kimya asingependa ijulikane, na kwa kikundi kinachohudumia wagonjwa, jina la mgonjwa halitajwi bila ridhaa yake hata kama nia ni njema.

Kuhusu simu, watu huhangaikia picha, ilhali kinachoharibu video nyingi ni sauti. Ufukweni panapendeza, lakini upepo ukiipiga maikrofoni hutasikia kitu. Ni afadhali chumba chenye mapazia, kitanda na nguo, kwa sababu vitambaa hunyonya mwangwi. Feni izimwe, na simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya shukrani. Simu ikikaa mbali kuliko urefu wa mkono, tumia simu ya pili kurekodi sauti, ukiiweka mapajani. Piga kofi moja mwanzoni. Mlio huo ndio utakaomwezesha mhariri kulinganisha sauti na picha.

Mshindi akae akitazama dirisha, si kulipa mgongo, la sivyo uso utakuwa kivuli. Simu ilazwe, kwa kuwa skrini ya ukumbi ni pana. Kamera ya nyuma kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele, na ina faida nyingine: mtu hajioni, kwa hiyo hajitazami. Karatasi yenye maandishi makubwa ibandikwe chini kidogo ya kamera. Ikiwa mapajani, watazamaji wataona kope tu. Binafsi ningemshauri asome mara tatu, kisha aseme bila karatasi. Akikosea neno na kuendelea, liacheni.

Kutuma ndiko kunakosahaulika. WhatsApp hubana video inayotumwa kama video ya kawaida, na ikifika kwenye skrini kubwa huonekana yenye ukungu. Itumwe kama hati, ili ifike kama ilivyorekodiwa. Faili lipewe jina la mshindi na la tuzo, kisha mwombe anayeshughulikia mitambo aicheze kwenye spika za ukumbi kabla wageni hawajaingia, kwani sauti iliyotosha kwenye simu huko inaweza isisikike kabisa.