Jumatatu Baada ya Ofa Kuisha

Muuza viwanja alinipigia simu Ijumaa jioni. Katika mradi wao, nje kidogo ya Dar es Salaam, vilikuwa vimebaki viwanja 4 tu, na Jumapili saa 12 jioni bei ingepanda kutoka shilingi milioni 4.5 hadi milioni 6. Nikamwambia nataka kwanza kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri nikauangalie mchoro wa eneo. Akanijibu, "Kaka, ofisi inafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu hivi viwanja havipo." Nilikopa laki 5 kwa dada yangu, nikalipa kishika nafasi Jumamosi asubuhi.

Wiki tatu baadaye tangazo lile lile likaingia tena kwenye simu yangu: viwanja 4, milioni 4.5, mwisho Jumapili. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshaelezwa kule halmashauri kwamba upande mmoja wa kiwanja changu umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Kampuni ilinibadilishia kiwanja baada ya miezi 3 ya nenda rudi, kwa hiyo fedha sikupoteza. Hata hivyo sijampeleka kwao mtu yeyote tangu hapo, na kila aliyeniuliza nimemweleza kisa chote. Kilichoniuma zaidi ya hifadhi ya barabara ni kule kunyimwa ile Jumatatu, siku moja tu ambayo ofisi ingekuwa wazi na mimi ningeuliza.

Kwa nini maneno "vimebaki vichache" yana nguvu kiasi hicho? Mwaka 1975 mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake walifanya jaribio dogo la biskuti. Baadhi ya watu walipewa kuonja biskuti kutoka kwenye chupa yenye biskuti 10, wengine kutoka kwenye chupa yenye 2. Biskuti zilikuwa zilezile, ila waliopewa chupa ya 2 walizitamani zaidi na wakaona zinastahili bei ya juu zaidi. Tamaa ilizidi pale chupa ilipoanza na 10 kisha ikapunguzwa mbele yao, hasa walipoambiwa kwamba zimepungua kwa sababu watu wengine wanazitaka. Lakini walipoulizwa kuhusu ladha, hawakusema kwamba biskuti za chupa ya 2 ni tamu zaidi.

Naona hapo ndipo kinyongo cha mnunuzi kinapozaliwa. Uhaba hukuza hamu, na bidhaa inabaki na ubora wake uleule. Mtu anafika nyumbani, hamu inatulia, anabaki na kile alichonunua. Kama uhaba ulikuwa wa kweli, hujiambia aliwahi. Akigundua kwamba ulitengenezwa, kila shilingi aliyoongeza kwa sababu ya haraka inaonekana kama imechukuliwa mfukoni mwake.

Si kila muuzaji anayesema "wahi" anadanganya. Nina fundi wangu wa nguo Temeke ambaye kila Ramadhani hubandika karatasi mlangoni: "Oda za Idd ni 60. Zimebaki…" na namba iliyoandikwa kwa kalamu, inayofutwa na kuandikwa upya kila jioni. Siku moja nilimuuliza hiyo 60 ameitoa wapi. Akafungua daftari. Ana vyerehani 2, chake na cha msaidizi wake, na wakati wa mfungo kila kimoja kinafanya kazi saa 8 kwa siku. Gauni moja, tangu kukata hadi kupiga pasi, linakula kama saa 5. Saa 16 za vyerehani viwili zinatoa magauni 3 kwa siku. Akiondoa siku za kupumzika na za kwenda kununua vifaa, anabakiwa na siku 24 za kazi, yaani magauni 72. Kati ya hayo anaacha nafasi ya 12, kwa ajili ya umeme kukatika na kwa wateja wanaojaribu nguo ikakataa kiunoni. Zinabaki 60.

Bei pia ina tarehe yake. Kumi la kwanza na la pili anashona kwa 35,000, na kumi la mwisho ni 45,000, kwa sababu siku hizo hukesha na humlipa msaidizi fedha ya usiku. Mteja akiuliza kwa nini imepanda, jibu lipo na halihitaji kubuniwa. Na Idd ikishapita, nafasi ya Idd imepita kweli. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini: mwisho wa ofa upimwe kwa kesho yake. Kama kesho yake bei ni ileile na idadi ni ileile, basi ile tarehe ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kumkimbiza mnunuzi tu. Wasimamizi wa soko la Ulaya walifika karibu na hapo mwaka 2019, walipokubaliana na kampuni ya kukodisha vyumba ya Booking.com ibadili maandishi yake. Ilikubali kutoonyesha kwamba ofa ina muda maalumu ikiwa bei hiyohiyo itaendelea kupatikana baadaye. Ilikubali pia kubainisha kwamba maneno "chumba cha mwisho" yanahusu vyumba vinavyouzwa kupitia mtandao wake tu, kwa kuwa hoteli yenyewe huenda bado ina nafasi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara.

Mfano wa chumba cha mwisho unaonyesha kwamba hata namba ya kweli inaweza kupotosha. Muuzaji mwenye viatu jozi 40 stoo akipanga 2 rafuni na kusema "zimebaki hizi tu hapa", kwa ulimi hajadanganya. Mteja ameelewa kwamba viatu vimekwisha, na muuzaji alikusudia aelewe hivyo. Kwangu huo ni uongo.

Kuna jambo gumu zaidi. Haraka inaweza kuwa ya kweli na bado ikamdhuru mnunuzi, endapo bidhaa ni ya kukaguliwa. Samaki wa Feri wa asubuhi anakaguliwa kwa macho na kidole, mnaelewana bei palepale. Kiwanja kinataka namba ya ramani ya upimaji, mawe ya mipaka, majibu ya ofisi ya ardhi, na kama kina hati, upekuzi kwa msajili wa hati. Muuzaji wa kitu cha namna hiyo, hata kama kweli amebakiwa na kimoja, anapaswa kuacha siku za kukagua ndani ya tarehe anayoiweka. Asipoziacha, mnunuzi ana haki ya kujiuliza ni nini kinachokimbiwa.

Mwaka uliofuata nilinunua kiwanja kingine, cha mzee mmoja wa Kibaha. Nilimuuliza swali moja tu: "Mzee, nikienda kukagua kwanza, utanishikia?" Akasema, "Mwanangu, nakushikia mpaka Jumatano. Kuna mtu mwingine ameniahidi kuja Alhamisi, usipotokea nitampa yeye." Akaniandikia namba ya ramani kwenye kipande cha karatasi. Jumanne nilikuwa halmashauri, mchoro ukaonekana safi. Jumatano tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alhamisi asubuhi, nikiwa naonyeshwa mawe ya mipaka, yule mtu mwingine alifika kweli, na mkanda wake wa kupimia mkononi.