Kulipima Jina la Kitafunio Kabla ya Kuchapa Lebo

Vikundi vingi vinavyokopeshwa na halmashauri kutokana na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani hutumia sehemu ya fedha hizo kuchapisha lebo. Lebo huchapwa kwa wingi ili bei ya moja ipungue. Jina likija kukataliwa baadaye, au mwenye jina linalofanana nalo akilalamika, mzigo wote huo haufai tena, na mkopo unabaki kudaiwa vile vile. Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza namna ya kulipima jina mapema, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haigharimu chochote isipokuwa siku chache za subira.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha akina mama wa Kata ya Moa kinatengeneza krispi za muhogo zilizokolezwa tui la nazi. Wanachama wameketi, kila mmoja ametoa majina yake bila kukatizwa wala kuchekwa, na karatasi ina majina sita: Moa, Muhogo Krispi, Nazi Tamu, Ladha, Kusi na Demani. Ni vyema yote yaandikwe, hata yanayoonekana dhaifu, kwa maana mchujo ni kazi ya kikao kingine.

Jina la kwanza linapendwa na wote, kwa kuwa ni la kwao. Lakini Moa ni jina la mahali, na sheria ya alama za biashara haimpi mtu mmoja kwa urahisi haki ya kulimiliki peke yake jina la mahali ambalo majirani wote wana haki ya kulitumia. Atatokea wa kuuliza: mbona Tanga Fresh wamefaulu? Jina lile limezoeleka sokoni kwa miaka mingi, hata mnunuzi akilisikia anafikiria maziwa yao kabla ya kufikiria mji. Kikundi kinachoanza leo hakina mazoea hayo ya kujitetea. Kuna na kikwazo cha pili: kampuni ya MeTL inauza vinywaji kwa majina ya Mo Xtra na Mo Cola. Herufi moja tu ndiyo inayotenga Mo na Moa, na dukani bidhaa hizo zinakaa rafu zinazotazamana. Kampuni hiyo ikipinga, kikundi hakina fedha za kubishana nayo.

Muhogo Krispi linaanguka kwa sababu nyepesi zaidi. Linataja bidhaa yenyewe, na kila mkaangaji wa muhogo anahitaji maneno hayo.

Nazi Tamu linataka kuzingatiwa kwa makini. Kwetu nazi ni nazi, na hakuna asiyeijua. Mgeni kutoka Ulaya, hata hivyo, akiliona neno hilo kwenye pakiti hatafikiria mnazi bali chama cha Hitler. Kikundi kinachouza gulioni tu hakina haja ya kuhangaika, ila kinachotarajia siku moja kuuza katika hoteli za pwani au nje ya nchi kitalazimika kubadili jina wakati tayari lina wateja. Neno tamu nalo lina mafumbo ya mtaani, kama yalivyo majina kadhaa ya vitafunio vyetu. Wazee watanyamaza kwa haya na vijana ndio watakaocheka, hivyo jina lisipimwe na watu wa rika moja. Wala lisipimwe kwa Kiswahili pekee. Aulizwe Mdigo na Msegeju, maana wateja wa kwanza ni hao.

Ladha ni neno zuri, tena fupi, lakini kinywani halitulii. Wasemaji wengi wa Kiswahili hutamka dh kama z, na hapo ladha inakuwa laza, yaani jambo afanyalo mama kwa mtoto mwenye usingizi. Thamani nayo hugeuka samani kwa njia hiyo hiyo. Sauti za r na l hubadilishana kwa baadhi ya wasemaji, na raha ikawa laha. Neno lenye ng' lina shida ya maandishi: wengine wataiacha ile alama ya juu, na anayelitafuta kwenye simu asilipate. Jambo jingine ambalo wengi hawalikumbuki ni ngeli. Bidhaa ikiitwa Kipepeo, mteja ataomba Vipepeo viwili, na jina linabadilika sura kila linapouzwa zaidi ya moja. Majina yasiyobadilika katika wingi yana nafuu.

Yamesalia Kusi na Demani, yote ya upepo na majira ya pwani. Sasa yapimwe kwa watu. Mwanachama apige simu kwa watu kumi walio mbali, wa Horohoro, Tanga mjini, hata Lunga Lunga ng'ambo ya mpaka, alitaje jina mara moja tu, kisha awaombe walirudishe kwa ujumbe wa maandishi. Kwa maoni yangu, wakikosea zaidi ya wawili, jina lina kasoro. Baadaye waulizwe neno hilo linawakumbusha nini. Wasiulizwe kama ni zuri, kwa sababu jirani mwenye adabu hujibu kuwa ni zuri.

Hapo ndipo Kusi linapoweza kuyumba. Linaandikika bila kosa, lakini mvuvi wa chombo kidogo atakumbuka miezi ya bahari kuchafuka na ya kukosa kitoweo. Demani ni mwisho wa kusi, bahari inapotulia. Vijana wengine hawatalijua, na hilo si hasara: neno lisilohusiana na muhogo wala nazi ndilo linalokubalika kwa wepesi kuwa alama ya mtu mmoja.

Bado halijapita. Litafutwe dukani na gulioni, kisha katika mfumo wa BRELA, ors.brela.go.tz, ambao kujisajili kwake kunahitaji namba ya NIDA. Yatafutwe pia yanayofanana nalo kwa sauti, kama Damani na Demane, kwani kinachoangaliwa ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganya. Mwombaji atambue kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni mambo mawili. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, ila hakimpi umiliki wa jina lililo kwenye pakiti. Umiliki huo hutokana na alama, ambayo husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: krispi za viazi ziko daraja la 29, biskuti na bisi la 30, na kila daraja lina ada yake. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na kwa siku 60 yeyote anaweza kulipinga. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Lebo zisichapwe kabla siku hizo 60 hazijapita.

Usajili huo ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na Kenya ina ofisi yake. Katika shauri la peremende baina ya Kenafric ya Nairobi na Lakairo ya Mwanza, Mahakama Kuu ya Tanzania ilikataa kuutambua usajili uliopitia shirika la kikanda la ARIPO, kwa kuwa itifaki yake haikuwa imetungiwa sheria ya ndani. Kikundi cha Moa kinachovusha pakiti kwenda Vanga kisajili jina huko pia, au kikubali kwamba huko halina ulinzi.

Jina la pili kwenye orodha lisitupwe. Pingamizi likija, ndilo litakaloanza upya safari hiyo hiyo, na afisa biashara wa halmashauri anaweza kusaidia kulitafuta katika mfumo siku hiyo hiyo.