UZI: "Gesi ni shilingi ngapi?" Swali linalojibiwa vibaya kwenye kila jukwaa

1/ Kila msimu wa siasa lazima mmoja asimame aseme gesi imepanda, na mwingine ajibu kwamba imeshuka. Wote wawili wanaweza kuwa na risiti mkononi, na wote wawili wakawa wanakupotosha. Leo tupige hesabu ya gesi kwa kilo. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji mwanasiasa wala chama. Chukua kalkuleta ya simu.

2/ Kwanza tuelewane maneno. Sisi husema "naenda kujaza gesi," lakini wengi wetu hatujazi. Tunabadilisha: unapeleka mtungi mtupu, unapewa mwingine uliojaa. Kujaza kwenyewe ni pale mtungi wako unapowekwa kwenye mizani ya depo na gesi ikaingizwa humo humo. Tofauti ni kwamba ukibadilisha, gesi iliyobaki chini inaenda na mtungi. Ukirudisha wa kilo 6 ukiwa na robo kilo ndani kwa sababu moto umekuwa mdogo, umeacha dukani gesi ya zaidi ya shilingi 50. Hakuna anayekurudishia.

3/ Bei ya gesi Kenya haipangwi na serikali. Ile bei inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na mamlaka ya kawi, EPRA, ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi haimo. Kila kampuni inajipangia, kila duka linaongeza yake. Ndiyo maana ukisikia mtu akisema "bei ya gesi ni hii," jua amechukua bei ya duka moja, mtungi mmoja, siku moja.

4/ Sasa mfano. Bei hizi nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu, weka za mtaa wako. Familia moja inaishi kwa ploti, inatumia kilo 6 kwa mwezi, na imepata bei tatu:

A. Duka la chini ya ploti: kilo 6 kwa 1,350. Unabeba mwenyewe.
B. Wa kuagiza kwa simu: kilo 13 kwa 2,700, kuletewa 200.
C. Petroli stesheni ya mbali: kilo 6 kwa 1,200, lakini bodaboda kwenda na kurudi ni 200.

5/ Ukiangalia bango peke yake, C ndiye mshindi. 1,200 gawa kwa 6 ni shilingi 200 kwa kilo. B anafuata na 208 hivi. A ndiye ghali, 225.

Sasa ongeza gharama ya kuifikisha jikoni. C inakuwa 1,400, yaani 233 kwa kilo. B inakuwa 2,900, yaani 223. A inabaki 225 kwa sababu hukulipa mtu. Yule wa bango la bei poa ndiye ghali kuliko wote, na yule wa duka la chini, anayelaumiwa kila siku, amekaribia kuwa sawa na wa kilo 13.

6/ Angalia vile pesa ya kuletewa inavyofanya kazi. Soo mbili kwa mtungi wa kilo 13 ni kama shilingi 15 kwa kilo. Soo mbili hizo hizo kwa mtungi wa kilo 6 ni 33 kwa kilo. Bodaboda halipishi kwa kilo, analipisha safari. Kwa hivyo anayenunua kidogo anaumia mara mbili. Na ukiambiwa "kuletewa ni bure," linganisha bei ya mtungi wenyewe na ya ukienda kuuchukua. Mara nyingi ile ya bure iko ndani ya bei.

7/ Tuje kwa pesa ya mtungi, ambayo ndiyo inavuruga mijadala zaidi. Mtu akisema "gesi ni 3,500," pengine anaongea juu ya kilo 6 kamili: mtungi, gesi ndani, kichwa cha kupikia na chuma cha kuweka sufuria. Mwingine akisema "ni 1,350," anaongea juu ya gesi peke yake. Hawabishani. Kila mmoja anauza kitu tofauti.

Toa 1,350 kwa 3,500, unabaki na 2,150. Hiyo ndiyo pesa ya kuingia mlangoni. Kisheria mtungi ni mali ya kampuni ambayo jina lake liko juu yake, wewe umeweka amana. Lakini ni wangapi wamewahi kurudisha mtungi wakarudishiwa pesa? Kwa hesabu ya nyumbani, ichukulie kama imeenda. Hata hivyo risiti iweke.

8/ Hiyo 2,150 igawanye kwa kilo utakazopika. Familia yetu inatumia kilo 72 kwa mwaka, kwa hivyo mwaka wa kwanza mtungi unaongeza shilingi 30 kwa kila kilo. 225 inakuwa 255.

Sasa chukua mama anayetumia makaa siku nyingi na gesi asubuhi tu, mtungi mmoja kila miezi mitatu. Ni kilo 24 kwa mwaka. Kwake mtungi unaongeza karibu shilingi 90 kwa kilo, na gesi yake ya mwaka wa kwanza inafika 315. Duka ni lile lile, bango ni lile lile. Ndiyo maana ahadi ya kupunguza bei ya kujaza haimfikii sana mtu ambaye kizuizi chake ni mtungi, na ahadi ya mitungi ya bei nafuu haimsaidii yule aliye na mtungi mtupu nyuma ya mlango kwa sababu hana 1,350 kwa mkupuo.

9/ "Si anunue tu wa kilo 13, ni rahisi kwa kilo." Tupige hesabu. Tuseme mtungi wa 13 bila gesi ni 3,000, regyuleta na paipu 1,000, na jiko tayari analo. Jumla 4,000, dhidi ya 2,150 za ule mdogo. Tofauti ni 1,850.

Akienda kuuchukua mwenyewe, gesi ni 208 badala ya 225. Anaokoa kama shilingi 17 kwa kilo, na kwa kilo 6 kwa mwezi ile 1,850 inarudi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Lakini akiletewa kwa 200 kila mara, anaokoa shilingi 2 tu kwa kilo, na itamchukua zaidi ya miaka 13 kurudisha pesa yake. Mtungi mkubwa ni rahisi kwa mwenye njia ya kuubeba, na mtungi wa 13 uliojaa una uzito wa kilo 26 au zaidi. Anayeishi ghorofa ya tano anajua.

10/ Kuna gharama nyingine inayojificha: jina la kampuni. Kanuni za 2009 zilileta valvu ya aina moja na kubadilishana kwa lazima, hivyo ungeweza kupeleka mtungi wa kampuni hii ukapewa wa ile. Kanuni za 2019 zilimaliza hilo. Sasa kampuni haiwezi kujaza mtungi wa nyingine bila idhini ya maandishi, na kubadilishana ni kwa makubaliano kati yao.

Mtaani matokeo yake ni haya: ukihamia eneo ambalo kampuni yako haina duka, muuzaji anakataa mtungi wako au anakuambia uongeze 300. Kwa kilo 6, hiyo 300 ni shilingi 50 kwa kilo siku hiyo.

11/ Hapa mjadala una pande mbili za haki. Anayetaka turudi kwa mtungi wowote duka lolote anatetea ile 300 yako, na ushindani. Anayetetea kanuni mpya anasema mtungi wa kila mtu ulikuwa hauna mwenyewe: kampuni haikuona sababu ya kukagua mtungi ambao haujui uko wapi, na wajazaji wa vichochoroni waliupata kirahisi. Mkasa wa Embakasi wa Februari 2024 ulitokea kwenye kituo cha gesi ambacho hakikuwa na kibali. Ukimsikia mtu anaahidi upande mmoja, muulize atafanya nini na shida ya upande wa pili.

12/ Ushuru je? Gesi ilitolewa VAT 2016. Julai 2021 ikarudishiwa asilimia 16, Julai 2022 ikashushwa hadi 8, na Julai 2023 ikatolewa tena. Kwa mtungi wetu wa 13 wa 2,700 bila ushuru, asilimia 16 ingeongeza 432, yaani shilingi 33 kwa kilo. Asilimia 8 ingeongeza kama 17.

Si pesa kidogo. Lakini ona: ile 8 inakaribiana na pesa ya kuletewa kwa kilo, 15. Na gesi yetu tunaagiza kutoka nje kwa dola, bei ya kimataifa ikibadilika kila mwezi. Kwa hivyo ushuru unaweza kutoka kweli, na bado wewe usione tofauti dukani, bila aliyesema ushuru umetoka kuwa mwongo. Anayejisifu bei imeshuka naye huenda amesaidiwa na dola tu.

13/ Mwisho, hesabu hizi zote zinadhani kilo 13 ni kilo 13. Mtungi una uzito wake mtupu uliochongwa juu yake, tafuta herufi TW. Ukisoma 13.2, mtungi uliojaa unafaa kuwa 26.2 kwa mizani. Ukisoma 25.4, umeuziwa kilo 12.2, na bei yako si 208 tena, ni 221. Kwa mtungi wa 6 uliopungua nusu kilo, 225 inakuwa 245. Pima bila kichwa cha kupikia, na pima kabla ya kulipa. Lakiri ya plastiki haisemi uzito, inasema tu kuna mtu aliweka lakiri. Muuzaji akikataa kupima, tafuta mwingine.

14/ Kwa hivyo ukitajiwa bei ya gesi, iwe redioni, bungeni ama kwa grupu ya familia, uliza manne: Ni kilo ngapi? Na mtungi au bila? Mtungi wa kampuni gani umerudishwa? Imefika jikoni au bado iko dukani? Ukishapata majibu, gawanya kwa kilo ndiyo uanze kubishana.

Tupia bei ya mtaa wako hapo chini kwa mpangilio huo: kilo, bei, kuletewa, mahali. Tutazigawa pamoja tuone nani anaumia zaidi.