Mabegi Matatu, Mgongo Mmoja

Mtoto anayetimiza miaka 6 mwezi Desemba, huku Januari anaanza darasa la kwanza, huwaweka ndugu zake wote kwenye wazo moja: begi la shule. Siku ya sherehe yanafunguliwa mabegi matatu, viatu vinambana, na gari kubwa la plastiki halina pa kukaa katika nyumba ya vyumba viwili.

Wazazi wengi hunyamaza wakichelea kuonekana ombaomba. Kumbe ndugu hao hao ndio hupiga simu jioni ya mwisho wakiuliza mtoto ana nini, hana nini. Ni heri kuwajibu wiki 2 au 3 kabla, kwani bibi aliye Moshi anahitaji muda wa kununua na kutuma kwa basi.

Adabu ya ujumbe wenyewe iko kwenye mpangilio. Salamu na mwaliko hutangulia, zawadi hufuata, na asiye na kitu hufunguliwa mlango mapema. Kwa mfano:

"Shikamooni wazee wetu, na ndugu wote tunawasalimu. Jumamosi tarehe 12, saa tisa alasiri, mtoto wenu anatimiza miaka 6. Karibuni nyumbani, kuja kwenu na dua zenu zinatutosha. Kwa waliokwisha kutuuliza: anaanza shule Januari, na bado hana viatu vyeusi, soksi nyeupe, chupa ya maji wala vitabu vya hadithi. Begi babu ameshamnunulia, na midoli ya mwaka jana bado anaichezea. Atakayechagua kitu amwambie shangazi yake pembeni, visije vikagongana."

Sentensi ya midoli inafunga mlango bila kumkataza mtu. Soksi nazo zimetajwa makusudi, ili mwenye mfuko mwepesi asione aibu.

Shangazi ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye makundi ya WhatsApp watu wamezoea kunakili orodha, kuongeza jina na kuirudisha. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, orodha ya pili inarudi bila jina la wa kwanza, na chupa za maji zinakuwa mbili. Mtu mmoja akiishika orodha, tatizo hilo halipo. Tena hakuna anayesoma hadharani nani katoa nini.

Viatu vinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu namba 30 ya kiwanda kimoja huweza kuwa ndogo kuliko 30 ya kingine. Mtoto akanyage karatasi, unyayo uchorwe kwa kalamu, upimwe kwa sentimita kutoka kisigino hadi kidole kirefu, kisha kipimo hicho atumiwe aliyechagua viatu.

Babu na bibi wapigiwe simu kabla ujumbe haujaingia kundini, maana wapo watakaoona wameagizwa na watoto wao. Na aliyekwisha kununua begi asiambiwe alirudishe. Linapokelewa kwa mikono miwili na kuwekwa kabatini, kwa kuwa zipu za begi la kwanza huenda zisimalize mwaka.