Roboti Hajiongezi

Mwalimu anachora kwa chaki miraba 25 sakafuni, mitano kwa mitano, kila mmoja ukimtosha mtoto kusimama. Mwanafunzi mmoja anakuwa roboti. Anasimama kwenye mraba wa kona ya nyuma kushoto, uso ukielekea ubaoni. Mraba wa pili mbele yake una ndoo, na hapo hapitiki. Kikombe anachotakiwa kuokota kiko miraba mitatu mbele na miwili upande wa kulia.

Hakuna kompyuta darasani, ila somo ni la programu. Wazo hili halikuzaliwa jana: Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967, aliwahimiza watoto watembee wenyewe kama kobe wa lugha hiyo kabla ya kumwandikia amri.

Kabla ya kuandika, darasa zima hukubaliana juu ya amri nne tu. MBELE huambatana na idadi ya miraba. KULIA na KUSHOTO ni kugeuka robo mzunguko pale pale ulipo, bila kupiga hatua. Jambo hili lisiposemwa wazi, nusu ya darasa itageuka huku ikitembea. Ya nne ni OKOTA. Programu iliyo sahihi ni hii:

```
MBELE 1
KULIA
MBELE 2
KUSHOTO
MBELE 2
OKOTA
```

Jaribio la kwanza kwa kawaida hukwama. Wengi huanza kuhesabu na mraba alikosimama roboti, wakaandika MBELE 2, naye akaikumba ndoo. Wengine hukosea kwenye kona ya pili: roboti akiwa amewageukia, kushoto kwake huwa kulia kwao, hivyo huandika KULIA, naye akarudi nyuma hadi nje ya miraba. Dawa ni mwandishi kusimama nyuma ya roboti, au kugeuza karatasi kila roboti anapogeuka.

Lakini kinachoharibu somo zaidi ni wema wa roboti. Mtoto anakiona kikombe, anamhurumia rafiki yake, anakwepa ndoo bila kuamriwa. Kosa linajificha, na mwandishi anaamini programu yake ni nzima. Ndiyo maana inafaa roboti atoke kundi jingine, kikombe kifichwe chini ya moja ya vikopo kadhaa vilivyofunikwa, na amri zisomwe na mtu wa tatu. Mwandishi mwenyewe anyamaze, hata ulimi ukimwasha.

Roboti akikwama, asisukumwe mbele. Msomaji anatia alama kwenye mstari uliomkwamisha, kundi linabadilisha kitu kimoja tu, kisha roboti anarudi kona ya mwanzo na kuanza upya. Wakibadilisha mistari mitatu kwa pamoja, hawatajua ni upi uliotibu.

Darasa likiwa na watoto 60, sakafu haitoshi. Hapo karatasi ya daftari la hesabu huwa uwanja na kizibo cha soda huwa roboti, kikiwa na mshale wa kalamu juu yake. Mshale huo usisahaulike, kwani kizibo cha duara hakina uso, na amri ya KULIA hukosa pa kushika.