Kundi limefumbwa, lakini wasomaji ni wangapi?

Machi 2025, viongozi wakuu wa usalama wa Marekani walikuwa wakijadili mashambulizi ya Yemen katika kundi la Signal. Programu hiyo inasifika kwa kufumba ujumbe, na hata siku zile ilifanya kazi yake sawasawa. Hata hivyo Jeffrey Goldberg, mhariri mkuu wa jarida la The Atlantic, aliyasoma mazungumzo yao, zikiwemo saa za ndege kuruka, kabla mabomu hayajaanguka. Hakuvunja kufuli lolote. Aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa, Mike Waltz, alimwingiza kundini kwa makosa, na wenzake waliendelea kuandika.

Kundi lile lilikuwa na watu wasiofika 20. Kundi la WhatsApp hubeba hadi 1,024.

Ujumbe ukifumbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hufungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Mwanakundi anapoandika kwa mara ya kwanza, simu yake hutengeneza ufunguo kwa ajili ya kundi hilo, kisha huupeleka kwa siri kwa kila kifaa cha kila mwenzake, kimoja kimoja. Kuanzia hapo kila ujumbe hufumbwa mara moja tu na seva ya kampuni huugawa kwa wote. Seva inajua namba zilizomo na saa ujumbe ulipopita, lakini yaliyoandikwa haiyasomi. Mtu akitoka, funguo hubadilishwa, kwa hiyo ya kesho hatayafungua. Ya jana amebaki nayo mfukoni.

Telegram ni habari nyingine. Kundi lake linaweza kufikisha watu 200,000, lakini halifumbwi kwa namna hii: kampuni yenyewe ndiyo inayoshika funguo.

Tuchukue kundi la WhatsApp la wazazi 600 wa shule moja. Mweka hazina anarusha picha ya orodha ya waliolipa: majina ya watoto, namba za simu, kiasi kilichobaki. Njiani hakuna anayeiona. Ikishafika, simu 600 zina nakala yake, na kila akaunti inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne. Mzazi aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisini na kusahau kutoka amemwachia orodha hiyo yeyote atakayekaa pale.

Kisha kuna nakala rudufu, ile ambayo simu huipeleka Google Drive au iCloud ili ujumbe usipotee. Tangu 2021 WhatsApp imeruhusu nakala hiyo nayo ifumbwe, lakini mwenye simu lazima aiwashe mwenyewe. Mweka hazina akiwasha ya kwake, za wazazi wengine 599 hazibadiliki. Tena mwanakundi yeyote akibonyeza kitufe cha kuripoti kundi, ujumbe wa karibuni hupelekwa kwa kampuni ukiwa unasomeka.

Mlango mpana zaidi ni linki ya kujiunga. Mwaka 2020 linki za makundi mengi zilionekana katika utafutaji wa Google, kwa sababu watu walikuwa wamezibandika kwenye kurasa za wazi. Aliyeingia kwa njia hiyo alipokea ufunguo kama mzazi yeyote. Alama pekee ilikuwa mstari mdogo wa kusema fulani amejiunga, nao katika kundi lenye ujumbe mia kwa siku hupita bila kuonwa.

Admini anaweza kuwasha `Approve new members` ili kila anayeomba kuingia apitishwe kwanza, na kubonyeza `Reset link` pale linki ya zamani inaposambaa. Kila mwanzo wa muhula apitie orodha ya namba na kuuliza kuhusu ile asiyoitambua. Lakini mipangilio haimzuii mzazi kupiga picha skrini yake, ndiyo maana wanakundi wanapaswa kuambiwa wazi wapo mahali gani. Maneno kama haya yanatosha kuwekwa kwenye maelezo ya kundi, ambako kila mgeni anaweza kuyasoma:

"Ndugu wazazi, kundi hili lina watu wengi na hatufahamiani wote. Kampuni haisomi tunayoandika, lakini kila aliyemo anaweza kuyahifadhi na kuyatuma kwingine. Tusiweke hapa vitambulisho, matokeo ya mtoto, habari za ugonjwa wala risiti za malipo; hayo mtumie mweka hazina au mwalimu moja kwa moja. Angalia `Linked devices` kwenye simu yako na uondoe kompyuta usiyoitumia. Ukipoteza simu au laini, mjulishe admini siku hiyo hiyo ili namba yako iondolewe."